Mwenyeji Anapoondoka: Kwa Nini Mechi za Mtandaoni Hukatika Ghafla

Katika kila mechi ya gemu ya mtandaoni lazima iwepo mashine moja yenye neno la mwisho. Wachezaji kumi na wawili wanapofyatuliana risasi kwenye ramani moja, kila konsoli au kompyuta huchora picha yake yenyewe, na picha hizo hazilingani kabisa kwa kuwa habari huchukua muda kusafiri. Kwenye skrini ya mmoja, risasi imempata adui kichwani. Kwenye skrini ya adui huyo, yeye alikwisha kujibanza nyuma ya ukuta. Zote mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, hivyo mashine moja hupewa kazi ya kupokea madai ya wote, kuyapima, kuamua nani amekufa na nani yu hai, kisha kuwarudishia wote matokeo. Mashine hiyo ndiyo seva ya mechi.

Swali ni iko wapi na ni ya nani. Kwa mpangilio wa kwanza, unaoitwa seva maalumu, kazi hiyo hufanywa na kompyuta iliyo kwenye kituo cha data, ambayo haina mchezaji wala skrini. Kwa mpangilio wa pili, kazi hupewa mashine ya mmoja wa wachezaji walio ndani ya mechi, naye huitwa mwenyeji. Mashine yake huchezesha mechi na wakati huohuo humchorea yeye picha yake, kama refa ambaye pia amevaa jezi ya timu moja. Mpangilio huu wa pili ndio ambao watu wengi huuita wa mchezaji kwa mchezaji, ingawa jina hilo halijakaa sawa. Wachezaji hawazungumzi kila mmoja na kila mmoja. Wote huzungumza na mwenyeji peke yake. Upo pia mpangilio wa tatu, mkongwe zaidi, ambao kwa kweli ndio unaostahili jina hilo. Doom ya mwaka 1993 iliutumia: kila kompyuta ilituma vibonyezo vya mchezaji wake kwa nyingine zote, nazo zote zilikokotoa mechi ileile kwa hatua moja. Gemu za mikakati na za mapigano bado huutumia kwa namna mbalimbali, lakini gemu za kufyatua risasi zimeuacha tangu zamani.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi tofauti ya seva maalumu na mwenyeji ni cha Call of Duty: Modern Warfare 2, iliyotolewa na studio ya Infinity Ward Novemba 2009. Kabla ya hapo wachezaji wa kompyuta walizoea seva maalumu. Watu binafsi na vikundi walikodi mashine kwenye vituo vya data, wakaweka ndani yake programu ya seva, wakaweka sheria zao na kuwafukuza wadanganyifu. Oktoba 2009, wiki chache kabla ya gemu kutoka, studio ilitangaza kwamba toleo la kompyuta halitakuwa na seva hizo tena. Badala yake mfumo wake, IWNet, ungewakusanya wachezaji wenyewe na kumteua mmoja wao kuwa mwenyeji, kama ilivyokuwa kwenye konsoli. Wachezaji walilalamika kwa maelfu na kutia saini maombi ya kupinga. Studio haikurudi nyuma.

Sababu ya uamuzi wa namna hii si fumbo. Seva maalumu hulipiwa kila saa inayowaka, iwe na wachezaji au iwe tupu. Gemu inayouza mamilioni ya nakala katika wiki ya kwanza inahitaji maelfu ya seva hizo mara moja, kisha baada ya mwaka wengi wa wachezaji wamehamia gemu nyingine na mashine zimebaki bila kazi. Mwenyeji hagharimu kitu. Kila kundi la wachezaji linalojitokeza linakuja na seva yake mkononi, na idadi ya seva hupanda na kushuka pamoja na idadi ya watu. Upo pia urahisi wa kweli kwa mchezaji wa kawaida: anabonyeza kitufe kimoja na kupata mechi, bila kupitia orodha ndefu ya seva zenye majina ya ajabu.

Gharama haipotei, lakini. Inahamia kwenye laini ya intaneti ya mwenyeji, tena upande wake ulio dhaifu zaidi, ule wa kupandisha data. Hesabu rahisi inaonyesha uzito wake. Tuseme mwenyeji anamtumia kila mchezaji pakiti 30 kwa sekunde, kila pakiti ikiwa na baiti 200 za habari za mechi na baiti 28 za anwani na maelezo ya usafirishaji. Hizo ni baiti 6,840 kwa sekunde, yaani takribani kilobiti 55 kwa mchezaji mmoja. Katika mechi ya watu 12, mwenyeji anawahudumia wenzake 11, nao wanahitaji kilobiti 600 hivi. Katika mechi ya watu 18 wanahitajiwa kilobiti 930. Laini nyingi za majumbani za mwaka 2009 zilizopita kwenye waya wa simu hazikufikisha megabiti moja ya kupandisha, na humohumo ndugu mwingine alikuwa anatuma picha au kuangalia video. Si ajabu kwamba toleo la kompyuta la Modern Warfare 2 lilikomea kwenye wachezaji 18, tisa kwa tisa, wakati seva maalumu za gemu iliyotangulia ziliweza kubeba watu wengi zaidi.

Mwenyeji pia anafaidi. Amri zake hazisafiri popote. Anabonyeza na seva, iliyo ndani ya mashine yake, inajua papo hapo. Mwenzake aliye mbali kwa milisekunde 120 za kwenda na kurudi anaamuliwa kwa habari iliyochelewa. Programu za gemu hujaribu kufidia pengo hilo, lakini haziwezi kulifuta. Kuna waliolitumia vibaya kwa makusudi. Katika Halo 2, iliyotoka Novemba 2004, mwenyeji mdanganyifu aliweza kubonyeza kitufe cha kusimamisha modemu yake kwa sekunde chache. Wenzake wote waliganda, yeye akaendelea kutembea na kufyatua, na modemu ilipoamka wakajikuta wamekufa. Seva maalumu haina mchezaji wa kupendelea wala kitufe cha modemu kilicho karibu na kidole cha mtu.

Udhaifu mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ni kwamba mwenyeji ni mtu. Anaitwa na mama yake, umeme unakatika, bando linaisha, au timu yake inafungwa vibaya naye anazima kwa hasira. Hasira hii inastahili kutajwa kwa sababu ndiyo inayofanya mechi zikatike mara nyingi pale zinapokaribia kunoga: wenyeji hawaondoki kwa bahati nasibu, wengine huondoka pale wanaposhindwa. Katika Call of Duty 4 ya mwaka 2007, kwenye konsoli, mwenyeji alipoondoka hapakuwa na la kufanya. Ujumbe "Host ended game" ulitokea na wote wakarudishwa kwenye ukumbi wa kusubiri. Hali ilikuwa hivyohivyo katika Dead by Daylight ilipotoka mwaka 2016, na pale ilikuwa kali zaidi kwa sababu mwenyeji alikuwa yule anayecheza kama muuaji. Muuaji aliyeona mawindo yanamponyoka aliweza kuchomoa waya na kuimaliza mechi ya wote.

Uhamisho wa uenyeji ulibuniwa kuziba shimo hilo. Halo 2 tayari ilikuwa nao, na Modern Warfare 2 iliuleta kwenye mfululizo wa Call of Duty. Kwa mtazamo wa mchezaji jambo lenyewe ni dogo: picha inaganda, maandishi yanasema mwenyeji anabadilishwa, sekunde zinahesabiwa, mechi inaendelea. Neno uhamisho, lakini, linadanganya. Hakuna kitu kinachohamishwa, kwa sababu aliyekuwa nacho amekwisha kuondoka. Kinachofanyika ni kuijenga upya mechi kutokana na vipande vilivyobaki kwenye mashine za wengine.

Mfano wa mechi ya timu mbili za watu sita unaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Mechi inaishia timu moja ikifikisha pointi 7,500. Timu nyekundu ina 7,200, timu ya bluu 7,000, na mwenyeji yuko kwenye timu ya bluu. Ruta yake inazimika.

Kwanza, wale 11 waliobaki hawajui kwamba ameondoka. Wanachokiona ni kimya. Pakiti zilizokuwa zinakuja kila baada ya milisekunde 33 hazifiki tena. Kimya cha nusu sekunde ni cha kawaida kwenye intaneti, hasa ya bila waya, hivyo programu haiwezi kukurupuka. Inasubiri, inaonyesha "Connection Interrupted", na muda huo wote mashine ya kila mmoja inaendelea kuchora kwa kukisia: aliyekuwa anakimbia anaendelea kukimbia mpaka anagonga ukuta. Baada ya sekunde kadhaa mwenyeji anatangazwa kuwa amepotea. Hapa pana mvutano usioisha kwa wahandisi. Wakiweka muda mfupi, mwenyeji aliyekwama kidogo ataondolewa bure. Wakiweka mrefu, wachezaji watatazama picha iliyoganda mpaka wachoke na kutoka, na kila anayetoka anapunguza nafasi ya mechi kupona.

Mwenyeji anayetoka kwa kubonyeza menyu ni nafuu kuliko anayekatikiwa. Anayeaga anaweza kutuma hali kamili ya mechi kwa mrithi wake kabla ya kufunga mlango, na sekunde mbili tatu zinatosha. Aliyezimiwa umeme hatumi chochote. Mfumo uleule, ndani ya gemu ileile, unaweza kwa hiyo kufaulu jioni moja na kushindwa jioni inayofuata bila mtu kubadilisha lolote.

Pili, mrithi anateuliwa. Hapana muda wa kupiga kura wakati huo, kwa sababu aliyekuwa akiwaunganisha wote ndiye aliyepotea, na wapiga kura hawana njia ya hakika ya kusikilizana. Ndiyo maana mifumo mizuri huandaa orodha mapema, mechi ikiwa bado nzima: mchezaji wa pili ndiye wa kwanza kurithi, wa saba anafuata, na kila mashine ina nakala ya orodha hiyo. Orodha hupangwa kwa nguvu ya laini ya kupandisha, umbali kati ya wachezaji, na jinsi ruta ya kila mmoja inavyokubali kufikiwa kutoka nje. Nakala zikitofautiana, tuseme kwa sababu mtu mmoja aliingia sekunde tatu kabla ya ajali, mashine mbili zinaweza kujitangaza kuwa mwenyeji kila moja. Wachezaji wanagawanyika, sita huku na watano kule, na kila upande unaona wengine wametoka. Pande zote mbili huenda zikaamua kwamba watu waliobaki hawatoshi, na mechi inafungwa.

Tatu, wachezaji 10 wanapaswa kuunganishwa na mrithi. Hatua hii ndiyo inayoua mechi nyingi, na chanzo chake kiko nje ya gemu. Ruta ya nyumbani huwapa vifaa vyote vya ndani anwani moja ya nje, na hukubali pakiti kutoka mahali ambapo kifaa cha ndani kimekwisha kutuma kitu. Pakiti ya mgeni hutupwa. Wachezaji wote walikwisha kufungua njia kuelekea kwa mwenyeji wa kwanza. Kati yao wenyewe huenda hawajawahi kutumiana hata pakiti moja. Ili njia mpya ifunguke, pande mbili hulazimika kutumiana kwa wakati mmoja, kila ruta ikidhani upande wake ndio ulioanza, na kwa kawaida seva ya kampuni huwaambia wote wawili anwani na muda wa kuanza. Gemu nyingi huonyesha hali ya ruta kwenye menyu kwa maneno "NAT Type: Open", "Moderate" au "Strict". Mchezaji wa "Strict" aliyeweza kuungana na mwenyeji wa "Open" bila taabu anaweza kushindwa kabisa kuungana na mrithi wa "Strict" mwenzake. Katika mfano wetu, mrithi anapata sita kati ya kumi. Wanne wanaona mechi imeisha. Kwa wale saba waliobaki inaendelea. Ikiwa wanne hao wote walikuwa wa timu moja, haina maana tena kuendelea.

Hatua ya nne ndiyo ngumu kuliko zote kwa upande wa wahandisi: kurejesha hali ya mechi. Kila mashine ina picha tu, na picha hiyo ilikatwa kwa makusudi. Injini ya Call of Duty ina asili yake katika ile ya Quake III, na katika ukoo huo seva humtumia kila mchezaji habari za vitu anavyoweza kuviona au vilivyo karibu kuonekana. Vya upande wa pili wa ramani havitumwi, kwanza ili kupunguza data, pili ili mdanganyifu asiweze kuona kupitia ukuta. Sheria za mechi nazo hukaa upande wa seva: nani atafufuka wapi, bomu limebakiza sekunde ngapi, nani amefikisha idadi ya kuita helikopta. Mrithi anajua alipo mwenyewe, anajua walio karibu naye, anajua alama zilizo kwenye ubao. Mengine lazima ayapate kutoka kwenye nakala ya akiba ambayo mwenyeji wa kwanza alikuwa akiituma kila baada ya muda, kama studio ilijipa kazi ya kuitengeneza, au ayaulize kwa wenzake, au ayabuni.

Tuseme nakala ya mwisho ilitumwa sekunde nne kabla ya ajali. Ndani ya sekunde hizo nne wekundu wawili waliua, na ubao wa baadhi ya wachezaji ulikwisha kusoma 7,400. Mrithi anaanza na 7,200. Mtu aliyekuwa amekufa anajikuta hai. Risasi iliyokuwa hewani haipo tena. Makosa ya aina hiyo ni madogo na mechi inaweza kuyavumilia. Wachezaji watalalamika na kuendelea. Yasiyovumilika ni yale yanayopingana: programu ya mrithi inaambiwa na mchezaji mmoja kwamba kitu fulani kipo, wakati nakala yake inasema hakijawahi kuwapo. Programu makini hukitupa kitu hicho. Programu isiyo makini huanguka, na mwenyeji wa pili anapotea sekunde chache baada ya wa kwanza. Uhamisho unaanza upya, safari hii ukiwa na watu wachache zaidi na laini dhaifu zaidi, kwa sababu yule mwenye laini bora ndiye aliyechaguliwa kwanza.

Kwa hiyo mechi inapokatika ghafla baada ya maandishi ya kubadilisha mwenyeji, sababu huwa mojawapo ya hizo, na mtazamaji makini anaweza kukisia ni ipi. Ikikatika kwa mtu mmoja huku rafiki yake wa timu akiendelea kucheza, tatizo ni njia kati ya ruta mbili. Ikikatika kwa wote baada ya hesabu ya kusubiri kufika mwisho, watu hawakutosha au hakuna mrithi aliyefikika. Ikiendelea kwa sekunde kumi kisha ikaganda tena, mrithi naye ameondoka au laini yake imezidiwa. Vitu vikirudi nyuma, alama zikipungua au waliokufa wakifufuka, uhamisho umefaulu kwa kutumia nakala ya zamani.

Tiba iliyo wazi ni kuiondoa kazi mikononi mwa wachezaji. Vince Zampella, mmoja wa waanzilishi wa Infinity Ward, aliondoka huko mwaka 2010 na kushiriki kuanzisha studio ya Respawn, ambayo gemu yake ya kwanza, Titanfall, ilitoka Machi 2014 ikichezeshwa kwenye seva maalumu za kukodi katika mfumo wa Azure wa Microsoft. Tofauti na miaka ya nyuma, mashine za kukodi kwa saa zilikuwa zimepatikana kwa wingi, na zile zilizokosa wachezaji zingeweza kurudishwa badala ya kubaki zikilipiwa. Gemu ya For Honor ilitoka mwaka 2017 bila seva maalumu, ikasumbuliwa mno na mechi zilizokatika kila mtu alipotoka, na Ubisoft ikaanza kuihamishia kwenye seva maalumu Februari 2018.

Njia ya kuvutia zaidi ni ile ya Bungie katika Destiny ya mwaka 2014, kwa sababu ililigawa tatizo badala ya kulinunulia suluhisho. Maendeleo ya misheni, yaani lango gani limefunguka na bosi gani ameuawa, yaliwekwa kwenye seva za kampuni. Hesabu nzito za miondoko na maumbo ya vitu zilibaki kwenye konsoli ya mchezaji mmoja. Mchezaji huyo alipoondoka, konsoli nyingine ilichukua hesabu hizo, na adui walioko chumbani wangeweza kurukaruka kidogo, lakini misheni haikupotea kwa kuwa kumbukumbu yake haikuwa mikononi mwa aliyeondoka. Katika Destiny 2 ya mwaka 2017 kazi zote mbili zilipelekwa kwenye seva za kampuni.

Seva maalumu nayo ina kasoro zake. Ikianguka hakuna mrithi, na wachezaji wote hutoka pamoja. Hilo hutokea mara chache, na halisababishwi na mchezaji mwenye hasira. Kasoro inayouma zaidi ni umbali. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200 kwa milisekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, ambako Microsoft ilifungua vituo vya data mwaka 2019, ni kilomita 2,500 hivi kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 25. Nyaya hazifuati mstari mnyoofu: za SEACOM na EASSy hupita baharini hadi Mtunzini kwenye pwani ya Afrika Kusini ndipo data ipande bara, hivyo muda halisi ni mrefu zaidi. Gemu ambayo seva zake za karibu ziko Ulaya humpa mchezaji wa Afrika Mashariki zaidi ya milisekunde 100 kila mara. Nyaya hizo mbili zilipokatika Mei 2024, nchi kadhaa za ukanda huu zilipungukiwa intaneti kwa pamoja, na seva za ng'ambo zikawa mbali zaidi.

Kati ya Dar es Salaam na Nairobi, kwa upande mwingine, ni kilomita zisizofika 700. Kwa wachezaji wa miji hiyo miwili, mwenyeji aliye mmojawapo angeshinda seva yoyote ya Johannesburg kwa kasi, kama angeweza kufikika. Mara nyingi hafikiki. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje ndani ya mitambo ya kampuni, na ruta ya aina hiyo mchezaji hana menyu ya kuibadilisha. Gemu hulazimika kupitisha pakiti kwenye mtambo wa kati, na kama mtambo huo uko Ulaya, majirani wawili wa Afrika Mashariki huzungumza kupitia Ulaya. Mechi inayochezwa kwa intaneti ya simu ndiyo pia yenye nafasi ndogo zaidi ya kunusurika mwenyeji anapoondoka.

Mpangilio wa mwenyeji haujafa wala haustahili kufa. Warframe, iliyotoka mwaka 2013, bado humpa mchezaji mmoja kazi ya kuchezesha misheni za watu wanne, na kwa kundi dogo linalopambana na maadui wa kompyuta hilo ni jambo la busara: hakuna mpinzani wa kudhulumiwa, data ni chache, na mechi ikikatika kinachopotea ni dakika chache na zawadi. Kwa mashindano ya timu mbili yenye alama na daraja, haufai.

Una faida moja ambayo seva maalumu haiwezi kuwa nayo. Microsoft ilifunga huduma ya Xbox Live kwa gemu za Xbox ya kwanza tarehe 15 Aprili 2010. Kuingia upya hakukuwezekana, lakini mechi za Halo 2 zilikuwa zinachezeshwa na konsoli za wachezaji wenyewe, na kundi dogo ambalo halikuzima mashine liliendelea kucheza hadi Mei. Gemu inayotegemea seva za kampuni peke yake hunyamaza siku ileile kampuni inapozima swichi, isipokuwa studio iwaachie wachezaji programu ya seva. Anayenunua gemu kwa ajili ya kucheza na wenzake afadhali aulize mambo mawili kabla ya kulipa: mechi zinachezeshwa wapi, na baada ya kampuni kuziacha zitachezeshwa na nani.